Siku kaka yangu alipogeuka mjomba wa mchumba wake

Zamu ya kuandika imenifikia. Mwezi uliopita mwenzetu aliandika juu ya kadi na makaratasi, na mimi nataka kuendelea pale pale alipoishia, maana kuna kitu ambacho kadi haisemi. Kaka yangu amenipa ruhusa nisimulie habari yake. Alisema tu nisitaje majina, na nimekubali.

Ilikuwa Jumapili, nyumbani kwa shangazi wa mchumba wake, nje kidogo ya Kampala. Kwa Waganda, kabla ya sherehe kubwa ya kujitambulisha, ile ya kwanjula, mwanaume anakwenda kwanza kimya kimya kwa shangazi wa msichana. Shangazi, wao wanamwita senga, ndiye anayempima. Kaka alivaa shati jeupe, alibeba sukari, mkate na nyama, na mimi nilimsindikiza. Tulikaa kwenye mkeka. Senga alitusalimia vizuri, akauliza safari, akauliza kazi. Halafu akamwangalia kaka akauliza: "Weddira ki?"

Hilo ni swali la ukoo. Maana yake: unajihesabu kwa mwiko gani, mnyama wako ni yupi? Kaka anaishi Kampala miaka mingi, Luganda anazungumza kuliko mimi. Alijibu bila kufikiri: "Nneddira Nsenene." Yaani, mimi ni wa ukoo wa senene.

Senga akanyamaza. Kisha akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Akamgeukia msichana akamwambia: "Msalimie mjomba wako."

Mama wa yule msichana ni wa ukoo wa Nsenene. Kwa neno moja, kaka yangu alikuwa amejifanya ndugu wa mama mkwe wake.

Ili mwelewe alivyofika pale, lazima nirudi nyuma.

Sisi ni watu wa Jomba, Rutshuru, pale karibu na Bunagana. Julai 2012 vita vilipofika kwetu tulivuka mpaka tukaingia Kisoro. Tulilala Nyakabande, kwenye kituo cha mapokezi, halafu malori yakatuleta Rwamwanja. Pale kwenye kuandikishwa ndipo nilipogundua kwamba majina yetu yana shida. Tulikuwa watoto wanne wa baba mmoja na mama mmoja, na kila mmoja ana jina lake la Kinyarwanda. Hakuna hata mawili yanayofanana, na hakuna linalofanana na la baba. Karani alituangalia akauliza: "Hawa wote ni ndugu kweli? Mbona hawana jina la familia?" Bibi yetu alieleza mara tatu. Yule karani alidhani tumeokota watoto njiani ili tuongezewe chakula. Tulirudishwa nyuma ya mstari, na jioni ndiyo tukaandikwa.

Nawaambia hasa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, maana jambo hili bado linatokea. Kwa watu wanaozungumza Kinyarwanda na Kirundi, jina la mtoto ni lake peke yake. Mzazi anampa kutokana na siku ile, shida ile, shukrani ile au jirani yule. Jina linaweza kukuambia familia ilikuwa na hali gani mtoto alipozaliwa, lakini halikuambii ukoo wake. Ukoo upo, na una nguvu, ila haukai ndani ya jina. Unakaa kichwani mwa wazee. Kwa hiyo ndugu wanne wenye majina manne si dalili ya uongo. Ndivyo tulivyo.

Kwa Waganda mambo ni kinyume kabisa. Kule jina lenyewe ni anwani. Kila ukoo una akiba yake ya majina, ya kiume na ya kike, na mtoto akizaliwa anachaguliwa jina kutoka kwenye ile akiba, mara nyingi jina la babu au bibi aliyekwisha kufa. Ukisikia mtu anaitwa Walusimbi, unajua ni ukoo wa Ffumbe. Kasujja ni Ngeye, Mugalula ni Nsenene. Kuna majina ambayo hayaonyeshi ukoo, kama ya mapacha: Wasswa na Kato kwa wavulana, Babirye na Nakato kwa wasichana, haya ni ya koo zote. Lakini mengi yanaonyesha. Waganda wawili wasiojuana wakitajiana majina kwenye taksi, kabla ya kufika stendi wameshajua kama ni ndugu, kama wanaweza kuoana, na nani amheshimu nani.

Na kila ukoo una muziro wake. Hilo neno linatokana na kujizuia, kujiepusha, na kwa Kiswahili tungesema mwiko. Ni mnyama, ndege, samaki, mdudu au mmea ambao watu wa ukoo hawauli na hawali. Ffumbe ni fungo. Ngeye ni mbega. Mamba si yule mamba wa kwenye Kiswahili, ni samaki anayeitwa kambare-mamba, yule anayeweza kukaa kwenye matope ziwa likikauka. Kuna ukoo wa uyoga, wa tembo, wa simba. Zote pamoja zinapita 50. Na chini ya muziro mkubwa kila ukoo una wa pili, mdogo, unaoitwa kabbiro. Kabbiro ya Ffumbe, kwa mfano, ni chura.

Sasa kaka alipotoka Rwamwanja kwenda Kampala alipata kazi kwenye gereji ya kuchomelea vyuma, Katwe. Bosi wake ni mzee wa Kiganda, mtu mwema sana, ni wa ukoo wa Nsenene. Jina la kaka kwa Kinyarwanda ni refu, wateja hawakuweza kulitamka. Baada ya miezi michache mzee akachoka, akamwambia: "Wewe sasa ni mtoto wangu," akampa jina la ukoo wake. Tangu siku hiyo gereji nzima, mtaa mzima, hata kwenye simu za wateja, kaka yangu ni jina lile. Sitaliandika hapa.

Kwa kijana mkimbizi, jina kama lile ni mwavuli. Ukitaka chumba cha kupanga, mwenye nyumba hashtuki. Ukipanda boda, hupandishiwi bei. Mwanzoni kaka alilichukua hivyo tu, kama koti la kuazima. Lakini bosi alilichukulia kwa uzito kidogo. Mvua za mwezi wa 11 zilipofika, senene wakaanza kuanguka usiku, Kampala nzima ikawasha taa kubwa na mapipa ya mabati kuwanasa. Asubuhi akina mama walikuwa wanauza waliokaangwa kwenye vikombe. Kaka alinunua, akaja nao gereji. Mzee akamtazama akamwambia polepole: "Mwanangu, hao ni ndugu zako sasa." Kaka alimpa rafiki yake kile kikombe na hajala senene mpaka leo. Kwenye mashindano ya mpira ya koo za Buganda, ambayo yanachezwa tangu 1950, mzee alikuwa anamchukua kwenda kushangilia Nsenene. Kaka alirudi na sauti imekauka.

Kwa hiyo Jumapili ile kwa senga, kaka hakudanganya kwa kukusudia. Alijibu kile alichokuwa anaishi.

Shida ni kwamba sheria ya kwanza ya ukoo wa Kiganda ni ndoa. Huoi ndani ya ukoo wa baba yako, maana wote wa ukoo huo ni ndugu zako, hata kama babu yenu wa pamoja hamjui aliishi lini. Na huoi ndani ya ukoo wa mama yako pia, maana wanaume wa ukoo huo wote ni wajomba zako. Mchumba wa kaka ni Ffumbe kwa baba na Nsenene kwa mama. Angeweza kuolewa na mtu wa ukoo wowote kati ya zile nyingine, lakini siyo hizo mbili. Kuna nafuu chache zinazojulikana, kwa mfano ukoo wa Mamba ni mkubwa mno, umegawanyika sehemu mbili zinazohesabiwa kama koo mbili, na watu wake wanaoana. Kwa Nsenene hakuna nafuu hiyo.

Kaka aliruka kueleza: "Hapana senga, mimi kweli ni Mkongomani, jina nimepewa tu." Hapo ikawa mbaya zaidi. Senga akasema: "Basi wewe ni nani? Kama jina si lako, umeniletea nani hapa?" Tuliondoka bila kumaliza chai.

Wiki mbili msichana hakuruhusiwa kupokea simu ya kaka. Halafu mjomba wake wa kweli, yaani ndugu wa mama yake, mzee wa Nsenene, akaita watu nyumbani kwake: kaka, bosi wa gereji, na senga. Mimi nilikuwepo tena, nikikaa nyuma. Nilitegemea ugomvi. Nikaona kumbe ni kama uchunguzi.

Mzee alimwambia kaka: "Lanya." Kulanya ni kujitaja kwa ngazi, kutoka kwako kwenda juu. Mganda anataja jina lake, baba yake, babu yake, halafu anapanda ngazi za ukoo. Ngazi hizo zina majina ya vitu vya nyumbani na nilivipenda. Ya chini ni nyumba, enju. Juu yake uwanja wa nyumba, oluggya. Halafu mstari, olunyiriri. Halafu mutuba, ule mti ambao gome lake hutengenezwa nguo. Halafu figa, ssiga, kama mafiga ya kupikia. Na juu kabisa ni kilele cha paa, kasolya, ndipo anapokaa mkuu wa ukoo wote. Kila ngazi ina mzee wake. Ukisema uongo kwenye ngazi moja, mzee wa ngazi hiyo yupo, anaulizwa.

Kaka alitaja jina lake la kupewa, akataja la bosi kama baba, basi akanyamaza. Hakujua hata uwanja.

Mzee akamgeukia bosi: "Ulimpeleka wapi huyu? Nani wa mstari wako alimwona?" Bosi akajibu kwa unyenyekevu kwamba hakumpeleka popote. "Nilimpa jina kwa mapenzi. Sikuwaita ndugu."

Mzee akaeleza, na hapa nilijifunza kitu. Alisema mtoto haingii ukoo kwa kuitwa jina. Zamani kulikuwa na siku ya kuwatambulisha watoto. Watoto kadhaa walikusanywa, kila mama akaleta kipande cha kitovu cha mtoto wake alichokihifadhi tangu kilipodondoka. Bibi wa upande wa baba alikitia kwenye chombo chenye maji mbele ya watu. Kikielea, mtoto ni wa nyumba hiyo, anapewa jina. Kikizama, baba hakumkubali. Siku hizi wengi hawafanyi tena, na mzee mwenyewe alisema maji hayajui baba. Lakini kitu kimoja kimebaki: lazima watu waitwe, waone, wakubali. Na waliokubali wanabeba mzigo wake. Mtu wa ukoo akifa, ukoo unamzika kwenye ardhi yake, na baadaye unakaa kikao na kumsimika mrithi.

Akamuuliza kaka: "Ukifa leo, nani wa Nsenene atakuja kuchukua mwili wako? Utazikwa uwanja gani?"

Kaka akasema hajui.

"Basi wewe si Nsenene," mzee akasema. "Na kama si Nsenene, wewe si mjomba wa mtoto wetu."

Watu wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri. Lakini mzee hakumaliza. Alisema Buganda imewahi kupokea wageni wengi. Wakati wa mashamba ya pamba watu walikuja kutoka Rwanda na Burundi kutafuta kazi, na wengi walichukua majina ya koo za Kiganda. Wajukuu wao leo ni Waganda. Wengine waliingizwa vizuri, wazee wakajua, na wana ardhi ya kuzikia. Wengine waliishi na jina la mdomoni tu, na familia zao zinaficha mpaka leo, zinaogopa siku ya ndoa au siku ya urithi mtu atakapouliza ngazi. Akamwambia kaka achague. Anaweza kuomba kuingizwa Nsenene kikamilifu, mbele ya watu, lakini hapo msichana huyu anamkosa moja kwa moja. Au aliache jina libaki gereji, aende alete lake.

"Hata ng'ambo ya mpaka watu wana koo," alisema. "Kaulize kwenu."

Rafiki mmoja wa kaka alijaribu kurahisisha. Alisikia kwamba sisi tuna ndege, akasema: "Waganda nao wana ukoo wa Nnyonyi, yaani ndege. Sema wewe ni Nnyonyi, mambo yaishe." Bahati nzuri kaka alikuwa amejifunza. Ndege wao ni mwingine na sisi ni mwingine, na Nnyonyi nao wana ngazi zao na wazee wao. Ingekuwa senene ya pili.

Ndipo tukampigia bibi Rwamwanja. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba sisi ni Abagesera na kwamba hatutupii mawe inyamanza, yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia. Nilidhani ni hadithi ya kutuzuia utundu. Kwenye simu bibi aliongea karibu saa nzima, tulimwongezea salio mara mbili.

Alisema Abagesera, Abazigaba na Abasinga wanaitwa abasangwabutaka, waliokutwa kwenye ardhi. Abazigaba wana chui, Abasinga wana sakabaka, yaani mwewe, sisi tuna inyamanza. Kwa kuwa walikutwa, koo nyingine zinawahitaji kwenye mambo ya ardhi. Mtu akitaka kujenga nyumba mpya, alimwita mmoja wao aanze, ili mahali pawe na baraka. Inyamanza akitua kwenye kiwanja, ni kama ruhusa. Na kati ya koo hizo kuna utani, ubuse, wanaweza kuambiana maneno makali na hakuna anayekasirika.

Hapo nikakumbuka. Tulipogawiwa kiwanja Rwamwanja, kila familia na turubai lake, jirani alikuja akamwomba bibi asimike mti wa kwanza wa kibanda chake. Nilikuwa mdogo, nilidhani anaomba msaada wa kazi, nikashangaa anamwomba mwanamke mzee. Yule jirani ni mtu ambaye huko nyumbani wanasiasa wangetuambia ni wa upande mwingine, tusimwamini. Bibi alikwenda, akasimika mti, wakataniana. Kumbe alikuwa anafanya kazi ya ukoo.

Na hili ndilo lililonikaa zaidi. Kaka alimuuliza bibi: "Kwa hiyo Abagesera ni Wahutu?" Bibi akasema: "Abagesera ni Abagesera." Ndani yake kuna Wahutu, kuna Watutsi, kuna Watwa. Ni vivyo hivyo kwa koo kubwa karibu zote za Rwanda, na wafalme wa Gisaka wa zamani, mashariki ya Rwanda, nao walikuwa Abagesera. Neno la Kinyarwanda la ukoo ni ubwoko. Ukimuuliza mzee wa zamani ubwoko wako ni upi, anataja ukoo. Lakini Wabelgiji walipoleta vitambulisho Rwanda miaka ya 1930, watu waliandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na neno ubwoko likachukuliwa kuwa ndilo la hiyo nafasi kwenye kadi. Mwaka 1994 watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa ajili ya nafasi hiyo. Neno lililokuwa linawaunganisha watu wa makundi matatu lilipewa kazi ya kuwatenganisha.

Ndiyo maana, ndugu wa mashirika, siwaombi muongeze swali la ukoo kwenye fomu zenu. Tafadhali msiongeze. Wakati wa Waganda, serikali ilifuta falme mwaka 1967, zikarudi 1993. Kwa miaka hiyo 26 koo hazikufa, kwa sababu hazikuwa zimeandikwa na serikali, zilikuwa kwenye ndoa na mazishi. Ukoo unafaa ukiulizwa na mtu anayetaka kukuoza au kukuzika. Ukiulizwa na mtu mwenye daftari, ni kitu kingine.

Bibi alitutajia mababu. Baba, babu, babu wa babu, alifika wa nne akakwama. Wa tano, ambaye mlango wetu unaitwa kwa jina lake, alitajiwa kaka na baba mdogo aliyebaki Rutshuru, kwa ujumbe wa sauti uliokuja usiku mtandao uliporudi. Kaka aliandika yote kwenye karatasi. Bibi pia alieleza kwa nini kaka hakuona hatari mapema. Kwetu kinachokatazwa hasa ni kuoana ndani ya mlango mmoja, umuryango, watu wenye babu mmoja anayejulikana. Mgesera wa mbali anaweza kuoa Mgesera. Kwa hiyo kaka, kichwani mwake, aliposema Nsenene hakusikia kwamba amejifungia mlango. Kila mfumo una kufuli yake mahali pake, na yeye alikuwa ameingia nyumba ya watu na ramani ya nyumba yetu.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata kwanjula ilifanyika. Bosi wa gereji alikuja, lakini safari hii alikaa upande wetu kama rafiki aliyetusindikiza. Bibi aliletwa kutoka Rwamwanja, safari ya siku nzima, akakaa mbele. Msemaji wao alipouliza kijana ni nani, kaka alisimama mwenyewe. Alitaja jina lake refu, lile wateja walishindwa. Alitaja baba, babu, mpaka wa tano. Akasema: "Sisi ni Abagesera. Mwiko wetu ni inyamanza." Msemaji hakumjua huyo ndege, kaka akamwonyesha kwa mkono jinsi anavyotikisa mkia, na hema zima likacheka. Senga ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza.

Si kwamba kila kitu kilikwisha vizuri. Baba mmoja mkubwa wa msichana hakuja, alisema hawezi kuoza mtoto kwa watu wasio na ardhi ya kuzikia. Hilo halina jibu. Babu zetu wamezikwa Jomba, na hatujui kama tutafika tena. Ukoo una watu na una mahali, na sisi tumebaki na watu tu. Hatukumlaumu yule baba.

Mwaka jana wamepata mtoto, msichana. Kwa Kiganda mtoto ni wa ukoo wa baba, kwa hiyo huyu si Ffumbe. Lakini watoto wa binti zao wana cheo chao kwa Waganda, wanaitwa bajjwa, na kwenye sherehe za ukoo wa mama wana kazi zao maalumu. Kwa hiyo ana mahali pale. Wakwe walipendekeza apewe jina la Ffumbe ili shuleni asisumbuliwe. Kaka na mke wake walikaa wakazungumza. Walimpa jina la Kinyarwanda lenye maana ya siku ile alipozaliwa, na mama yake akaongeza Nakku kama jina la kumwita nyumbani, kwa kumheshimu bibi yake Ffumbe. Karatasi yenye majina ya mababu watano wameiweka pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Hali senene, kwa sababu baba yake hali, ingawa sasa hakuna ukoo unaomkataza. Hilo kaka anasema ni deni lake kwa mzee wa gereji.

Kwenu vijana wenzangu, nina ombi moja la kazi. Mkipiga simu nyumbani wiki hii, msiulize tu hali na pesa. Ulizeni mambo matatu: ukoo wetu unaitwaje, mwiko wake ni nini, na majina ya mababu yanafika wapi. Rekodini sauti. Kisha ulizeni na la nne, kwetu nani hatuwezi kumuoa, maana jibu la kwetu na la hapa yanaweza yasifanane. Na kama umepewa jina la ukoo na mtu mwema mjini, lipokee kwa shukrani, lakini muulize siku ile ile: nani mwingine amejua?

Mimi bibi amenitumia sauti yake ya dakika 41. Mwishoni anasikika akimfukuza kuku uani, halafu ananyamaza kidogo, anasema inyamanza ametua, kisha anaendelea.